Muuzaji anasema mbao 80 za mtiki zinatosha chumba cha mita 4.2 kwa 3.6. Ni kweli?

MamaZuhura
Habarini za jioni wakuu. Nina chumba huku Chumbageni, Tanga, nataka kupiga sakafu ya mbao juu ya zege. Urefu ni mita 4.20, upana 3.60. Nimepata mtiki uliokaushwa kwenye tanuri, tayari umechongwa ulimi na mfereji pande zote nne. Ubao mmoja una urefu wa mita 2.10, upana milimita 100, unene 20.

Muuzaji kapiga hesabu mbele yangu: chumba ni mita za mraba 15.12, ubao mmoja ni 0.21, kwa hiyo 72. Kaongeza asilimia kumi ya mabaki, zikafika 80. Fundi wangu naye anataka kuzilaza kufuata upana, kwa sababu dirisha liko kwenye ukuta mrefu. Tena anataka kuacha upenyo kuzunguka kuta zote. Huo upenyo ndio unaoninyima usingizi, naona ni nyumba ya mende. Hela nimeikusanya mwaka mzima, sitaki kununua mara mbili. Nisaidieni.

Kijana wa Korogwe
Fundi wako yuko sawa, dada. Mbao hulazwa kuelekea dirishani siku zote, hiyo ndiyo sheria. Mwanga ukikatiza maungio, kila mstari unaonekana. Na asilimia kumi inatosha, kwa hiyo chukua 80 na uanze kazi.

Abuu Nassor
Mimi niko Maskati. Kwangu tulipiga mbao vizuri kabisa, lakini kiyoyozi kinawaka usiku na mchana, hewa ikawa kavu na mbao zikaachana. Kati ya ubao na ubao sasa unapitisha ukucha. Kwa hiyo mimi namwambia dada asiache upenyo wowote, azibane sana.

Randa na Patasi
Shikamoo Mzee Abuu. Yako na ya dada ni mambo mawili. Zako zilisinyaa kwa ukavu, na kuzibana ukutani kusingezuia kusinyaa. Za dada zitakaa Tanga, karibu na bahari, zitavuta unyevu na kutanuka. Akizibana hazina pa kwenda ila juu.

Mama Zuhura, nianze na hesabu ya muuzaji, maana hapo ndipo hela yako ilipo. Pima ubao wenyewe. Katika zile milimita 100, ulimi unaingia ndani ya mfereji wa jirani na hauonekani tena. Tuseme ulimi ni milimita 10, yaani ubao unafunika 90 tu. Yeye kahesabu mbao kana kwamba zinawekwa ubavu kwa ubavu. Ile akiba ya asilimia kumi aliyokuongezea imeliwa yote na ndimi.

Sasa tuupange mstari kwa mstari. Tuseme unazilaza kufuata urefu, na kila ukuta unaachiwa milimita 12. Upana unaobaki ni 3,576. Gawanya kwa 90 unapata mistari 39 na salio la milimita 66, kwa hiyo mistari ni 40 na wa mwisho utapasuliwa ubaki 66. Huo ni upana mzuri. Lingebaki salio la milimita 15 ningekwambia upunguze mstari wa kwanza, kwa sababu ukanda mwembamba namna hiyo hupasuka kwenye msumari.

Kila mstari una urefu wa milimita 4,176, na mbao zako mbili zikiunganishwa, kama ile mita 2.10 haihesabu ulimi wa kichwani, ni 4,200. Hapo umebahatika, kila mstari unakula mbao mbili na kutupa kipande kidogo mno. Ila maungio yasikae sehemu moja. Mstari wa kwanza anza na ubao mzima. Wa pili anza na kipande cha 1,400, weka ubao mzima, halafu malizia na kile kilichobaki cha 700 ukikipunguza kiwe 676. Wa tatu anza na 700, ubao mzima, malizia na 1,376 kutoka kwenye kipande kilichobaki. Upande uliokatwa kwa msumeno siku zote uelekee ukutani, ili ulimi na mfereji wa vichwani vikutane katikati ya chumba. Papi za chini, zile zinazolazwa juu ya zege kubeba mbao, zikiwa kila milimita 350 kuanzia kichwa cha ubao, kila ungio litaangukia juu ya papi.

Mistari 40 mara mbili ni mbao 80. Ndizo zile zile za muuzaji, lakini bila hata moja ya akiba. Nunua 88. Katika mtiki wa mashamba utakuta mbao zenye fundo bovu au kichwa kilichopasuka, na ukirudi dukani baada ya mwezi hupati rangi ile ile.

Kijana wa Korogwe
Sawa mkuu, la ulimi sikulifikiria. Lakini mwanga je?

Randa na Patasi
La mwanga ni kweli, hasa kwa mbao zilizokwisha pakwa vanishi kiwandani, kingo zake huonekana. Hizi zitapigwa msasa zikiwa chini, zitakuwa uso mmoja. Kwa chumba hiki kuna jambo zito zaidi. Ubao hautanuki kwa urefu kiasi cha kujali, hutanuka kwa upana. Mimi kwa mtiki nahesabu hali mbaya kabisa: milimita 2 kwa kila mita ya upana, kila unyevu wa ubao unapopanda asilimia moja. Ukipanda tatu, upana wa mita 3.6 unaongezeka karibu milimita 22, na wewe umeacha 24. Ukizilaza njia ya fundi wako, zinatanuka kuelekea mita 4.2, unapata 25. Zimeshapita. Tena mistari inakuwa ya 3,576, kila mmoja unaacha kipande cha sentimita sitini, na maungio hayaangukii papi.

Mende wasikutishe. Skatingi inafunika upenyo wote. Ipigiliwe ukutani, isipigiliwe kwenye sakafu.

Bi Rukia wa Kisauni
Kwangu Mombasa fundi alibana hadi plasta. Mvua za masika zilipokolea, katikati ya ukumbi paliinuka mpaka kabati likayumba, na ukikanyaga panadunda kama ngoma. Tulipong'oa skatingi tukakuta mbao zimeuma ukuta. Walipasua mstari mmoja wa pembeni, sakafu ikashuka yenyewe polepole kwa wiki kadhaa. Dada, usisahau na kizingiti cha mlango. Kwangu hapo ndipo palipoanza.

MamaZuhura
Nimerudi dukani na rula. Ulimi ni milimita 10 kweli. Nikaomba na kile kipimo cha unyevu, kikasoma 10. Ni nzuri?

Randa na Patasi
Ni kavu kuliko nyumba yako. Chumba cha madirisha wazi Tanga, mbao hutulia kama 14. Kupanda asilimia nne ni karibu milimita 29, na 24 yako haitoshi. Usipige sasa. Zipange chumbani kwa vijiti katikati hewa ipite, upime kila wiki mpaka namba iache kupanda. Huku nyuma gandisha kipande cha nailoni juu ya zege kwa utepe wa gundi pande zote, siku tatu. Ukikuta matone chini yake, zege bado halijakauka.

Kijana wa Korogwe
Si aache tu unene wa sarafu kati ya mbao, apige sasa hivi?

Randa na Patasi
Wapo mafundi wazuri wanaofanya hivyo. Mimi sipendi, kwa sababu kila ubao unatanuka kivyake na mianya mingine haifungi kabisa. Lakini siwezi kusema wamekosea.

Bi Rukia wa Kisauni
Na kiyoyozi, dada, utaweka?

MamaZuhura
Nilipanga kuweka mwakani. Kwa aliyoyasema Mzee Abuu, naona kwanza nifungue madirisha, nipange mbao kwa vijiti, nipime Jumamosi. Namba nitaiweka hapa.