MREJESHO: Kinundu kwenye tezi ya shingo

Niliuliza: "Nina kinundu cha sentimita 2.6 kwenye tezi ya shingo. Je, nipasuliwe?"

Wapendwa, nimerudi. TSH, homoni inayoiamrisha tezi hiyo, ilikuwa sawa. Ultrasaundi ilionyesha kinundu kigumu, rangi moja na tezi yenyewe, kingo laini, bila chembe za chokaa: kundi TR3, lenye shaka ndogo ya saratani. Kinundu cha kundi hilo huchomwa sindano ya kuchukua seli kikifika sentimita 2.5, ndiyo maana sikuponyoka. Sindano ni nyembamba kuliko ya kutolea damu. Daktari alinikataza kumeza mate huku akifuata ncha yake kwenye skrini. Mara ya kwanza seli hazikutosha, na hilo si sawa na kuambiwa uko salama, kwa hiyo nikarudia. Ya pili: seli zilipewa daraja la Bethesda II, yaani si saratani. Sipasuliwi; narudi ultrasaundi baada ya mwaka. Kikikua au sauti ikikwaruza, nitawahi mapema.