Kredo ya mama inakatwa kila asubuhi na huduma hajaomba, naombeni ushauri

Wadau habari zenu, niko hapa Kondele, Kisumu. Mama yangu anatumia kabambe, na kila nikimtumia kredo ya 50 bob, kesho yake ukiangalia salio unapata 45 na hajapiga simu hata moja, keshokutwa 40, hivyo hivyo mpaka iishe. Mwanzo nilidhani ni deni la kredo ya kukopa, lakini deni hukatwa mara moja ukiweka kredo, hii inakula bob tano tano kila siku.

Jana nikakaa na simu yake nikasoma meseji zote, nikapata mbili za kila siku, moja ya mistari ya dini na nyingine ya mpira, na mama hata mpira haangalii jamani! Kila moja inatoka kwa namba fupi ya tarakimu tano. Nikajibu ile ya dini STOP, ikarudi meseji kwamba ameondolewa. Ile ya mpira STOP inakataa kwenda kabisa, na leo bob tano imeenda tena.

Huduma kwa wateja naeza waambia wafungie laini yote hizi huduma za kulipia, ama wanatoa moja moja tu? Na kuna mtu amewahi kurudishiwa pesa? Nataka kujua kabla nipeleke malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano, juu najua wataniuliza kwanza kama nilienda kwa kampuni.