Maswali ya kuchagua, sura ya maji ya udongoni: machaguo manne au matatu yenye sababu?

Kalamu_Nyekundu
Habari zenu wakuu. Natunga maswali ya mazoezi kutoka sura ya maji ya udongoni na nayakabidhi keshokutwa. Nimekwama kati ya njia mbili. Ya kwanza ni machaguo manne, na maelezo ya jibu sahihi tu. Ya pili ni machaguo matatu, ila kila kipotoshi kinaandikiwa sababu ya kukosea kwake. Hii ya pili inanila muda mno. Nyinyi mngeshika ipi? Swali langu la kwanza hili hapa:

Udongo upi unashika maji vizuri zaidi?
A. Kichanga
B. Tifutifu
C. Mfinyanzi
D. Zote sawa

Jibu ni B.

Jembe_Zito
Manne bila kufikiri mara mbili. Kwenye manne anayebahatisha ana nafasi moja kati ya nne, kwenye matatu ana moja kati ya tatu. Hesabu iko wazi.

Bi_Chepe
Mwalimu, kabla hatujafika kwenye idadi, hujatuambia mambo ya msingi. Hawa ni wanafunzi wa ngazi gani? Ni mazoezi ya kujisomea au mtihani wa kupewa alama? Na wameshafundishwa tofauti ya maji yaliyomo udongoni na maji ambayo mmea unaweza kuyavuta? Kama wameshafundishwa, jibu lako la B litakuletea ugomvi.

Tone_la_Umande
Mimi udongo wangu ni mfinyanzi kabisa. Mvua ikinyesha maji yanatuama siku mbili. Jua likiwaka wiki mbili mboga zinanyauka, na ukichimba udongo bado una unyevunyevu mkononi. Je, nihamie tifutifu kama jibu la B linavyosema?

Kalamu_Nyekundu
Samahani, nilisahau. Ni sekondari, miaka miwili ya mwisho. Ni mazoezi, hayana alama, kila mtu anajifanyia peke yake. Tofauti hiyo wamefundishwa. Ndugu Tone, hapa tunazungumzia utungaji wa maswali, si bustani.

Mzee_wa_Kontua
Acha nikusimulie yaliyonikuta, maana swali lako ni pacha wa langu. Niliwahi kuuliza "udongo upi hushika maji mengi zaidi", nikaweka tifutifu kuwa jibu. Darasa karibu zima likachagua mfinyanzi. Nikasahihisha kwa wino mwekundu, nikawaambia hawakusoma. Siku ya pili binti mmoja akaja na makopo matatu aliyoyatoboa chini. Kila kopo aliweka aina yake ya udongo mkavu, akamwagia maji yanayolingana, akasubiri hadi yaache kudondoka, kisha akapima yaliyotoka. Kopo la mfinyanzi lilitoa maji machache kuliko yote, maana yake ndilo lililobaki na mengi. Alikuwa sahihi kwa swali nililoandika. Mimi nilikuwa sahihi kwa swali nililokuwa nalo kichwani. Nilirudisha karatasi zote na kuomba radhi mbele ya darasa. Kilichoniuma ni kwamba ningejaribu kuandika sababu ya mfinyanzi kukosea, hata mstari mmoja, ningegundua kwamba sababu hiyo haipo.

Bi_Chepe
Mzee umeshika penyewe. Kuandika sababu ndiko kunakopima swali. Kalamu, tujaribu kwa swali lako. Neno "vizuri" halipimiki, liondoe. Uliza hivi: "Udongo upi unahifadhi maji mengi zaidi ambayo mizizi inaweza kuyavuta?" Sasa wape takwimu za mfano, asilimia kwa ujazo. Baada ya maji ya ziada kuchuruzika, kichanga kinabaki na 10, tifutifu 28, mfinyanzi 40. Mmea unaponyauka moja kwa moja, kichanga kina 4, tifutifu 12, mfinyanzi 27. Toa, utapata 6, 16 na 13. Kwa mizizi ya sentimita 50, hayo ni milimita 30, 80 na 65 za maji.

Sababu zake ningeandika hivi:

Kichanga: Huenda umekichagua kwa kuwa maji huingia haraka. Kuingia haraka si kubaki. Matundu yake ni makubwa, maji mengi hushuka kwa uzito wake kabla mizizi haijayafikia.

Mfinyanzi: Ni kweli unabaki na maji mengi kuliko zote, na jibu hili lingekuwa sahihi kama tungeuliza maji yote. Lakini 27 kati ya hizo 40 zimeng'ang'ania kwenye matundu madogo mno kwa nguvu inayozidi mvuto wa mizizi.

Sababu inataja wazo lililompeleka mwanafunzi kwenye kosa, kisha inaonyesha linapovunjikia. "Si sahihi kwa sababu jibu ni tifutifu" haimfundishi kitu.

Jembe_Zito
Nakubali sababu, ila bado nataka manne. Na kwa mfinyanzi ningeandika kifupi tu kwamba matundu yake ni machache.

Bi_Chepe
Hapo hapana, kaka. Tundu moja moja ni dogo, lakini ukiyajumlisha nafasi yote ni kubwa kuliko ya kichanga. Chukua mfinyanzi wa gramu 1.3 kwa sentimita moja ya ujazo na kichanga cha 1.6. Chembe za madini huhesabiwa 2.65. Nafasi tupu ni karibu asilimia 51 kwa mfinyanzi na 40 kwa kichanga. Ukiandika "matundu machache" utakuwa umempandikizia kosa jipya ndani ya sababu yenyewe.

Jembe_Zito
Sawa, hilo nimelipokea. Lakini moja kati ya nne inabaki moja kati ya nne.

Mzee_wa_Kontua
Inabaki kama ile ya nne inaweza kumvuta mtu. "Zote sawa" ataichagua nani aliyesoma hata ukurasa mmoja? Akishaifuta, kazi imerudi kwenye tatu. Hesabu waliochagua kila herufi. Ile isiyopata mtu, itoe.

Jembe_Zito
Basi atafute ya nne yenye nguvu, asiitupe nafasi.

Bi_Chepe
Ya nne yenye nguvu ameileta ndugu Tone na hatukumsikiliza. Unyevu mkononi, mboga zimenyauka. Hilo ni swali zima la pili: "Mimea imenyauka lakini udongo wa mfinyanzi bado una unyevu. Kwa nini?" Vipotoshi vyake ni mawazo ambayo watu wanayo kweli, kama vile kwamba mizizi imeoza kwa maji yaliyotuama.

Mzee_wa_Kontua
Hapo angalia, maana mizizi iliyokosa hewa nayo huleta kunyauka. Usipotaja kwamba mvua ilikata wiki mbili na mizizi ni mizima, una majibu mawili sahihi.

Bi_Chepe
Kweli kabisa. Shina la swali litaje yote mawili.

Kalamu_Nyekundu
Nimeanza kuandika sababu za maswali yangu 20. Matano tayari nimeyafuta, sikuweza kueleza kwa nini kipotoshi ni kosa. Idadi ya machaguo bado sijaamua. Sababu zionekane papo hapo au mwishoni mwa maswali yote?

Jembe_Zito
Mwishoni. Papo hapo watachungulia.

Mzee_wa_Kontua
Papo hapo. Hakuna alama, achungulie apate nini? Ukichelewa, ameshasahau alichokuwa anawaza alipochagua C.

Tone_la_Umande
Asanteni kwa kunikumbuka. Basi nikichanganya ndoo chache za mchanga, mfinyanzi utakuwa tifutifu?

Bi_Chepe
Hapana ndugu yangu. Mchanga mchache unazama katikati ya mfinyanzi na matundu yanabaki yaleyale. Ungehitaji mwingi sana, karibu kuuzidi udongo wenyewe. Weka mboji iliyoiva kila msimu, na usiuchimbe ukiwa umelowa. Kalamu, na hilo la ndoo za mchanga liweke kuwa kipotoshi.