Faini ya kamera ya mwendo Italia: siku 5, siku 60 au nikate rufaa?

Zawadi_Brescia
Habari zenu wakubwa na wadogo. Naomba ushauri haraka kwa sababu siku zinakwenda. Tumepata bahasha ya kijani ya faini ya gari. Gari liko kwa jina la mume wangu, lakini siku hiyo niliendesha mimi. Karatasi inasema tarehe 3 Machi kamera ilisoma kilomita 89 kwa saa mahali pa 70, wakatoa 5, ikabaki 84. Postamani hakutukuta nyumbani, akaacha kikaratasi, na mume wangu ameichukua bahasha posta juzi, tarehe 10 Juni. Mhuri unaonyesha waliituma tarehe 27 Mei.

Kuna kiasi mbili: euro 139 ndani ya siku 5, na euro 190.90 ndani ya siku 60. Nyuma kuna maelezo ya kupinga kwa Prefetto, mwakilishi wa serikali mkoani, au kwa Giudice di Pace, jaji wa kesi ndogo ndogo. Mume wangu anasema tulipe yaishe. Mimi naona zimepita siku 99 tangu siku ya kosa, na nimesikia wana siku 90 tu za kutuletea. Leseni yangu ya hapa ina miaka miwili. Ile ya Kenya haibadilishwi huku, ilibidi nifanye mtihani upya. Nisaidieni.

Mwana_wa_Likoni
Dada, usilipe hata senti! Sheria ya Italia ni siku 90, wao wamefikisha 99. Hiyo faini imekufa. Andika pingamizi utaje tarehe tu, hawana la kujibu.

Safari_Dubai
Poleni. Mimi niliingia Florensi na gari la kukodi, nikapita eneo la katikati ya mji lisiloruhusiwa. Miezi mingi baadaye kampuni ya gari ilikata pesa kwenye kadi yangu, nikajua nimemaliza. Kisha ikaja barua ya faini yenyewe hadi Dubai! Kumbe zile za kwanza zilikuwa ada ya kampuni kwa kutoa jina langu. Kwa hiyo dada angalia kama kampuni ya kukodi imeshakata.

Zawadi_Brescia
Asante ndugu, ila gari ni letu na tunaishi hapa.

Fundi_Makaratasi
Nafanya kazi Italia kwenye ofisi inayoshughulikia leseni na makaratasi ya magari, kesi hizi naziona kila wiki. Niruhusuni nieleze polepole, maana hapa pesa inapotea kwa sababu ya kuhesabu siku vibaya.

Ndugu wa Likoni, siku 90 ni kweli, ila zinamhesabia mtumaji mpaka siku alipokabidhi bahasha kwa posta, si siku ulipoipokea wewe. Kutoka 3 Machi mpaka 27 Mei ni siku 85. Wamewahi. Hoja hiyo dada aiache. (Wewe wa Dubai, kwa anayeishi nje ya Italia wana siku 360, ndiyo maana barua yako ilichelewa vile.)

Sasa upande wenu. Saa yenu ilianza siku mume wako alipochukua bahasha posta, 10 Juni, na siku ya kwanza kuhesabiwa ni tarehe 11. Kwa hiyo siku ya tano ni 15 Juni. Na wasomaji wengine wasidhani ukiacha bahasha posta siku hazianzi. Posta hutuma barua ya pili ya kukujulisha kwamba bahasha inakusubiri, na siku 10 baada ya hiyo kutumwa, sheria inahesabu umeshapokea hata kama hujaigusa.

Kuhusu kiasi: faini yenyewe ni euro 173. Ukilipa ndani ya siku 5 wanakupunguzia asilimia 30, inabaki 121.10. Zile 17.90 ni gharama za posta na makaratasi, hazipunguzwi. Ndiyo 139 yenu. Zikipita siku 60 bila kulipa wala kupinga, hesabu inaruka hadi nusu ya kiwango cha juu kabisa cha kosa hilo, yaani 347, pamoja na gharama. Halafu kila miezi sita wanaongeza asilimia 10.

Mtego ninaouona sana ni huu: mtu analipa 139 siku ya sita au ya saba. Hiyo haimalizi deni. Wanaihesabu kuwa malipo ya sehemu, na usipojazia kabla ya siku 60, kinachobaki kinadaiwa kutoka kwenye 347. Vilevile ukituma kwa benki, wanaangalia siku pesa ilipoingia kwao. Lipa kwa msimbo wa pagoPA, mfumo wa malipo ya serikali, ulio kwenye karatasi, risiti inatoka papo hapo na tarehe yake.

Mwana_wa_Likoni
Sawa mkuu, hapo nimeelewa. Lakini kamera je? Mahakama yao kuu ya Roma ilishasema kamera hazina idhini halali. Apinge kwa hilo.

Fundi_Makaratasi
Hilo lina uzito. Tarehe 18 Aprili 2024, kwa kesi iliyotoka Treviso, Corte di Cassazione ilisema kamera kukubaliwa tu na wizara hakutoshi, lazima iwe imepitia uthibitisho kamili wa kiufundi, na ni mambo mawili tofauti. Wizara ikashikilia kwamba ni kitu kimoja. Kwa hiyo ukienda kwa Prefetto, ambaye yuko upande wa serikali, usitarajie mengi. Kwake ni bure na una siku 60, lakini akikukatalia anaamuru ulipe angalau mara mbili ya kiwango cha chini, yaani 346.

Kwa Giudice di Pace ni siku 30, kwenu mpaka 10 Julai, ada ya kufungua ni euro 43, na unaweza kwenda bila wakili. Huko hoja ya kamera inasikilizwa zaidi. Ila ukishalipa, hata ile ya punguzo, mlango wa kupinga umefungwa. Kwa hiyo kama unataka lile punguzo, lazima uamue na kulipa kufikia tarehe 15.

Bi_Mkubwa_Parma
Mwanangu alikwenda kwa jaji kwa kosa kama hilo akashinda. Jirani yetu, barabara ileile, jaji mwingine, akashindwa. Mimi siwezi kukwambia nenda au usiende.

Zawadi_Brescia
Shikamoo mama, nashukuru. Fundi, kuna fomu nyingine ndani inayouliza nani aliendesha. Tukilipa bado tunaijaza?

Fundi_Makaratasi
Ndiyo! Nimefurahi umeiuliza, hapo ndipo watu wanaumia. Kulipa hakuondoi fomu hiyo. Mwenye gari ana siku 60 kueleza nani alikuwa usukani. Mume wako asipojibu, yeye anapata faini ya pili kuanzia euro 291, zaidi ya hii ya kwanza.

Kosa hili linakata pointi 3 za leseni, kwa sababu umezidi 70 kwa kilomita 14. (Ungezidi 10 au chini, faini ingeanzia euro 42 bila pointi.) Na kwa kuwa leseni yako haijafika miaka mitatu, pointi zinakatwa mara mbili. Utapoteza 6 kati ya 20.

Mwana_wa_Likoni
Basi aandike mume ndiye aliyeendesha, yeye atakatwa 3 tu.

Fundi_Makaratasi
Hapana ndugu yangu. Huo ni uongo kwa maandishi mbele ya serikali, ni jinai. Usimshauri mtu hivyo, hasa aliye huku kwa kibali.

Zawadi_Brescia
Siwezi kufanya hilo. Nafikiri tutalipa kesho, pointi ziende. Ingawa hiyo 43 ya jaji bado inanitia mawazo. Fomu tunaipelekaje?

Fundi_Makaratasi
Jaza jina lako na namba ya leseni, weka nakala ya leseni mbele na nyuma uliyoisaini, mume naye asaini sehemu ya mwenye gari. Tuma kwa rejista yenye kadi ya kurudi, kwa anwani iliyoandikwa kwenye fomu. Na hiyo kadi ikirudi, ifungeni pamoja na risiti ya malipo.