Kurasa 7, hakuna kosa hata moja, alama 9 kwa 20. Hii ni haki?

Binti_wa_Umoja

Jamani, nisomeni mpaka mwisho ndipo mniambie kama hasira yangu ni ya bure.

Niko mwaka wa pili, darasa la jioni hapa mjini, nasomea historia. Tulipewa insha: "Tathmini mchango wa reli ya Uganda katika kukua kwa mji wa Nairobi." Nimejaza kurasa 7. Ujenzi ulivyoanza Mombasa 1896, vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, simba wa Tsavo, reli kufika kwenye kinamasi cha Nairobi mwezi Mei 1899, makao makuu ya reli kuhamishwa kutoka Mombasa, ofisa wa utawala wa Kiingereza, Ainsworth, kuhamisha ofisi za serikali kutoka Machakos mwaka huohuo, tauni ya 1902, mpaka Nairobi kuchukua nafasi ya Mombasa kama makao ya serikali mwaka 1905. Kila kitu kiko pale, kwa mpangilio, na nimekitafuta maktaba usiku baada ya kazi.

Insha imerudi na 9 kwa 20. Chini kuna maneno machache tu: "Masimulizi mazuri. Tathmini iko wapi?" Hakuna tarehe iliyokatwa. Hakuna sentensi iliyopigiwa mstari kwamba ni uongo. Halafu mwenzangu wa dawati la nyuma, kurasa 4, hata simba hawakumpitia kichwani, ana 15!

Sasa nauliza: kama yote niliyoandika ni kweli na yote yanahusu reli na Nairobi, hizo alama 11 zimeenda wapi? Na kama kulikuwa na kitu kingine kinachotakiwa, kwa nini hakuna aliyetuambia tangu muhula uanze?

Kijana_Kahawa

Huyo anakuonea. Nenda kwa mkuu wa idara, dai isahihishwe upya. Kurasa 7 si mchezo. Mimi niliwahi kunyimwa alama kwa sababu ya mwandiko, nikapambana wakanirudishia.

Msomi_wa_Ngara

Dada, si uonevu. Ukiona "tathmini", weka pande mbili. Faida za reli, kisha hasara za reli, kisha hitimisho. Wewe umeweka upande mmoja. Ongeza hasara: ardhi ya Wamaasai na Wakikuyu kuchukuliwa, tauni, ubaguzi wa makazi. Hapo unapata 15 bila shida.

Kalamu_Nyekundu

Nimesahihisha insha za historia miaka mingi, za sekondari na za chuo. Binti, pole. Kukasirika una haki, lakini Kijana_Kahawa atakupotezea muda.

Tuanze na mahali alama zilipokwenda. Katika KCSE ulizoea swali la "eleza sababu sita", alama 12. Msahihishaji ana orodha ya hoja mkononi. Kila hoja iliyoelezwa vizuri ina alama 2, anaweka tiki na kusonga. Ukiandika zaidi unaokota zaidi, mpaka ufike kikomo. Swali la kutathmini halisahihishwi hivyo. Mhadhiri anasoma insha nzima kwanza, kisha anajiuliza iko ngazi gani. Mara nyingi ngazi ni nne, na kwa swali la alama 20 kila ngazi huwa na kama alama 5. Ngazi ya pili, yaani 6 hadi 10, huandikwa hivi au karibu na hivi: maelezo sahihi na ya kutosha, lakini uamuzi haupo au umetajwa tu bila kutetewa. Wewe uko 9. Maana yake alikuweka karibu na kilele cha ngazi hiyo, na ndiyo maana akasema masimulizi ni mazuri. Hakukuondolea alama 11. Hukuwahi kuingia kwenye chumba zilimo. Ungeandika kurasa 12 za namna ileile, ungetoka 9 ukafika 10 basi.

Msomi_wa_Ngara, uko nusu njia. Faida kurasa 2 na hasara kurasa 2 ni masimulizi mawili yaliyopangwa sambamba. Halafu tazama swali tena: halikuuliza kama reli ilikuwa nzuri au mbaya. Limeuliza reli ilichangia kiasi gani mji huu kukua. Ubaguzi wa makazi ni jambo zito, lakini humu unaingia tu kama unasaidia kupima kiasi hicho.

Binti_wa_Umoja

Mwalimu, asante, lakini bado sijaridhika. Nimeandika kwamba reli ilifika, kisha makao makuu yakaja, kisha serikali ikaja, kisha watu wakaongezeka. Huo si mchango? Msomaji hawezi kuona mwenyewe?

Kalamu_Nyekundu

Hapo ndipo penyewe. Umemwachia msomaji aamue, na swali lilikutaka uamue wewe. "Kisha, kisha, kisha" inaonyesha mambo yalifuatana. Haionyeshi kwamba moja lilileta jingine, wala kwamba lilikuwa na uzito kuliko mengine.

Tufanye na maarifa yako hayohayo. Reli ilipita Voi, ikapita Makindu, ikafika Nairobi, ikapita Nakuru, ikaishia Kisumu Desemba 1901. Kama reli ndiyo iliyokuza miji, kwa nini Makindu haikuwa Nairobi? Kisumu ilikuwa na zaidi: ndiyo ilikuwa kituo cha mwisho, na bandari ya ziwa. Mbona haikuwa yenyewe? Ukiuliza hivyo tu umeshaingia kwenye tathmini, kwa sababu sasa lazima utafute kilichoitenga Nairobi na vituo vingine. Utakuta makao makuu ya reli na karakana zake, pale penye uwanda kabla treni haijaanza kupanda milima. Utakuta ofisi za serikali kutoka Machakos, na baadaye kutoka Mombasa. Basi hoja yako ya kwanza ni hii: njia ya reli pekee haikutosha, uamuzi wa kuweka makao makuu hapa ndio ulioleta tofauti.

Usiishie hapo, maana mtu makini atakujibu kwamba Machakos ilikuwa kituo cha utawala kabla Nairobi haijawa mji, na serikali ikaiacha kwa kuwa reli haikupita pale. Kwa hiyo hata uamuzi wa serikali ulivutwa na reli. Sasa una mvutano wa kweli, nawe lazima useme upande upi una nguvu na kwa nini.

Tauni nayo uliisimulia vizuri, nadhani, lakini ilikaa tu pale. Madaktari walilalamikia kinamasi hiki, na kukawa na mapendekezo kwamba mji uhamishwe. Haukuhamishwa, na sababu kubwa ni kwamba mengi yalikuwa yameshajengwa, karakana za reli zikiwemo. Ukiiandika hivyo, tauni inakuwa ushahidi kwamba reli iliufunga mji mahali pabaya kwa afya. Tukio ni lilelile, kazi yake ndiyo imebadilika.

Mama_Wawili

Samahani kuingilia. Mimi nasomea afya ya jamii, na yamenikuta haya. Swali: "Tathmini ufanisi wa wahudumu wa afya wa jamii katika kuongeza akina mama wanaojifungulia hospitalini." Nikaeleza majukumu yao yote, kutembelea nyumba, kuandikisha wajawazito, kupeleka taarifa kituoni. Nikapata 8. Kwani majukumu si ufanisi?

Kalamu_Nyekundu

Mama, jukumu ni kile wanachotakiwa kufanya. Ufanisi ni kama kilifanyika na kikabadilisha kitu. Kwanza taja kipimo: asilimia ya wanaojifungulia kituoni, kabla na baada, katika eneo moja. Kisha jihadhari, maana Kenya iliondoa malipo ya uzazi katika hospitali za serikali mwaka 2013. Ikiwa idadi ilipanda baada ya hapo, utajuaje ni wahudumu na si ada iliyoondolewa? Ukitafuta eneo lenye wahudumu wachache ukalilinganisha na lenye wengi, katika kipindi hichohicho, utakuwa na la kusema.

Binti_wa_Umoja

Nimejaribu usiku huu. Nilikuwa nimeanza aya hivi: "Reli ilifika Nairobi Mei 1899 na makao makuu yakahamishiwa hapo kutoka Mombasa." Sasa nimeandika: "Kufika kwa reli mwaka 1899 hakukutosha kuikuza Nairobi, kwani Voi na Makindu zilipata reli mapema zaidi zikabaki ndogo, kilichoitofautisha ni makao makuu ya reli, na hata hayo yasingekuwa na nguvu kubwa hivyo kama utawala haungefuata kutoka Machakos." Ndiyo hii?

Kalamu_Nyekundu

Ndiyo. Angalia tofauti: sentensi ya kwanza hakuna anayeweza kuipinga, ya pili mtu anaweza. Pitia sentensi ya kwanza ya kila aya yako. Kama zote ni zile ambazo hakuna wa kubisha, umesimulia. Lakini usitupe tarehe na majina. Nimesoma pia insha zilizojaa "mchango mkubwa sana", "kwa kiasi fulani", bila hata mwaka mmoja, na zile hufika chini ya 9 yako.

Sina hakika na neno "kwani" hapo. Nairobi ilikuwa na uwanda na maji, kwa hiyo mtu anaweza kusema ni mazingira, si makao makuu. Lijibu hilo.

Msomi_wa_Ngara

Sasa mwalimu, mbona hitimisho peke yake lisitoshe? Mimi huandika yote, kisha mwisho naweka "kwa maoni yangu reli ilichangia zaidi".

Kalamu_Nyekundu

Kwa sababu hukumu hiyo haijabebwa na aya zilizotangulia. Nikiifuta, insha yako haibadiliki. Wasahihishaji wengine hukupa alama moja au mbili kwa hilo, wengine hawakupi kitu. Kwenye jambo hili hatukubaliani hata sisi kwa sisi.

Binti_wa_Umoja

Nimeelewa alama ziko wapi. Lakini hasira yangu haijaisha, na sasa naielekeza mahali pake. Hizo ngazi nne zipo zimeandikwa. Mhadhiri anazo, wasahihishaji wanazo. Kwa nini karatasi hiyo haikuambatanishwa na swali? Sisi wa jioni hatuna mwalimu wa kumuuliza mchana. Tumetoka kwenye mtihani unaolipa kwa hoja, tumeingia kwenye mtihani unaolipa kwa uamuzi, na hakuna aliyetuambia sheria zimebadilika. "Tathmini iko wapi?" ni maneno matatu. Haya aliyoyaandika mwalimu hapa ndiyo yangepaswa kusemwa wiki ya kwanza.

Kalamu_Nyekundu

Hapo sina la kuwatetea wahadhiri. Omba karatasi ya ngazi kwa maandishi, wewe na wenzako, kabla ya insha ijayo. Idara nyingi zinayo na hazikatai zikiombwa. Alama 9 yenyewe sidhani itabadilika.

Kijana_Kahawa

Mimi bado nasema akate rufaa.