Kuwasha flagi hatua kwa hatua, kisha kuifuta: tiketi moja au mbili?

Mwambani_Dev
Wakuu habari za jioni. Tupo Tanga, tuna mfumo wa vituo vya kukusanya maziwa. Hesabu mpya ya malipo ya wafugaji imekamilika, tumeifungia nyuma ya flagi, na Jumatatu tunaanza kuiwasha kidogo kidogo. Bosi anataka kuona tumefika wapi bila kunipigia simu. Nimebaki na njia tatu: tiketi moja ya GitLab yenye hatua zote mpaka kuifuta flagi, tiketi mbili, moja ya kuwasha na nyingine ya kufuta, au spredishiti tu. Nyie mnatumia ipi?

Kijana_Raskazone
Spredishiti mkuu. Bosi hawezi kuingia GitLab hata umuahidi nauli. Rangi ya kijani imewashwa, nyekundu bado, biashara imeisha.

BintiPangani
Kaka, mbona umeficha yenye maana? Flagi inasomwa kwenye seva au kwenye simu za makarani? Vituo vingapi? Wafugaji wanalipwa baada ya muda gani? Unagawa kwa mfugaji au kwa kituo?

Mwambani_Dev
Samahani dada. Vituo 14, toka Muheza hadi Lushoto. Inasomwa na app ya Android ya karani, maana inapiga hesabu palepale hata mtandao ukikata. Malipo ni mara mbili kwa mwezi. Mpango ulikuwa 5% ya wafugaji, halafu 25, 50, 100, kila hatua siku 2.

Simba_Korogwe
Mbona rahisi, Play Store ina hiyo asilimia tayari. Unatoa toleo kwa 5%, unaongeza. Flagi ya nini tena?

BintiPangani
@Simba_Korogwe hilo ni jambo jingine. Play Store inagawa toleo la app. Ukilisimamisha, waliokwisha kulipakua wanabaki nalo. Flagi anaizima yeye mwenyewe na hesabu inarudi ya zamani bila mtu kupakua kitu.

@Mwambani_Dev sasa wewe. Siku 2 hazikuonyeshi chochote kama malipo ni mara mbili kwa mwezi. Kosa la hesabu mpya litaonekana siku ya malipo, na kufikia hapo ungekuwa umeshafika 100%. Kila hatua ivuke angalau siku moja ya malipo. Pia usigawe kwa mfugaji. Majirani wawili wanapeleka maziwa kituo kimoja, lita zilezile, mmoja analipwa kwa hesabu mpya na mwenzake kwa ya zamani. Karani atajibu nini? Gawa kwa kituo, na kwa vituo 14 achana na asilimia, yaandike majina. Anza na kimoja cha karibu ambacho unaweza kufika ukaongea na karani, halafu vitatu vinne, halafu vyote.

Kwenye tiketi, kila hatua iwe na mstari wake: vituo gani, nani aliwasha, lini, na mliangalia nini kabla ya kusonga mbele. Hicho cha mwisho ndicho watu hawaandiki. "Iko poa" haitoshi. Andika "malipo ya kituo hiki yamelinganishwa na hesabu ya zamani, tofauti ziko kwa wafugaji hawa, sababu ni hii."

Mwambani_Dev
Nimekupata. Na tiketi ya kufuta?

Mzee_wa_Seva
Mwanangu, usihangaike na tiketi ya pili. Siku inafika 100%, jioni ileile futa flagi, nyumba safi. Flagi iliyosahaulika inaua kampuni. Knight Capital ya Marekani, tarehe 1 Agosti 2012, walipoteza zaidi ya dola milioni 440 ndani ya dakika kama 45 kwa sababu ya flagi ya zamani.

BintiPangani
Shikamoo mzee. Hadithi ni ya kweli lakini umeikata katikati. Pale flagi ya zamani ilipewa kazi mpya, huku msimbo wake wa awali, ambao hawakuutumia tangu 2003, ukiwa bado umo kwenye mfumo. Seva 8, moja ikakosa toleo jipya. Flagi ilipowashwa, ile moja ikaamsha msimbo wa kale. Kwa hiyo kufuta ni lazima, hapo tuko pamoja, na jina la flagi lisirudiwe kamwe. Ila kufuta jioni ileile kwa app ya simu ni hatari.

Mzee_wa_Seva
Marahaba. Hatari gani? Imeshafika 100%.

Fundi_Chumbageni
Mzee, ngoja nikusimulie. Kuna ofisi nilifanya kazi zamani, jina tuliache. App ya mawakala wa mikoani, flagi ikafika 100%, watu wakapongezana, mkubwa mmoja akaifuta kwenye seva siku hiyohiyo. Kwenye app kulikuwa na mstari kama huu:

```
val mpya = flagi.get("tozo_mpya", false)
```

Umeona hiyo `false`? Maana yake app isipoikuta flagi kwenye seva, inarudi njia ya zamani. Mawakala wa mjini hawakugundua kitu, wao walikuwa na toleo jipya ambalo njia ya zamani imeshatolewa. Wa vijijini walikuwa na toleo la nyuma. Simu zao zikasinki, zikaambiwa flagi haipo, zikaanza kukata tozo ya zamani kimyakimya. Hakuna kilichoanguka, hakuna alama nyekundu popote. Tulijua pale wakala mmoja alipokuja na risiti zake mkononi na hesabu zikagoma kuoana. Tukairudisha flagi ikiwa imewashwa, kisha ikaanza kazi ya kusahihisha miamala mmoja mmoja. Sitaki kuikumbuka.

BintiPangani
Ndiyo hiyo. Kwa hiyo mpangilio ni huu: flagi ibaki imewashwa kwa vituo vyote. Toa toleo jipya la app ambalo halina ule mstari wala hesabu ya zamani. Subiri mpaka simu zote ziwe na toleo hilo, na utalijua kama app inatuma namba ya toleo kila inaposinki. Baada ya hapo ndipo unaifuta kwenye seva. Katikati hapo zinapita wiki kadhaa, ndiyo maana napendelea tiketi mbili. Ile ya kufuta ifunguliwe leo, siku moja na ya kuwasha, iwe na jina la mtu. Ukiiacha kama mstari wa mwisho wa tiketi moja, bosi akiona 100% atasema funga.

Fundi_Chumbageni
Mimi bado ni tiketi moja. Ya pili huwa inazama chini ya orodha, kila kikao inasogezwa. Moja ikikaa wazi inakera, na ikikera itafanywa.

Kijana_Raskazone
Spredishiti haizami.

Fundi_Chumbageni
Spredishiti yako nani aliifungua mara ya mwisho?

Kijana_Raskazone
Bosi. Alibadilisha rangi zote.

Mwambani_Dev
😂 Naelekea tiketi mbili, ila app yetu haitumi namba ya toleo. Na karani mmoja wa juu Lushoto husinki akishuka sokoni tu.

BintiPangani
Basi namba ya toleo iingie kabla ya Jumatatu, la sivyo hutajua lini ufute. Huyo karani usimweke kwenye hatua ya kwanza, hata ukizima flagi habari haitamfikia mpaka ashuke.

Simba_Korogwe
Kwani kwa nini hesabu isifanyike kwenye seva mkaachana na haya yote?

Mwambani_Dev
Mfugaji anataka risiti palepale mkuu.

Mzee_wa_Seva
Mtandao wa Lushoto ni upi mnatumia? Huku Pongwe unasumbua wiki nzima.