Eti mama yangu "amewahi" kufa! Hawa wa bima ya mazishi ya kwenye simu wana roho gani?

Wakuu, naandika hapa vidole vinatetemeka kwa hasira. Mnawajua hawa, matangazo yao yamejaa kila kona, mkono wa pole kwa shilingi 3,000 tu kwa mwezi. Jana nimezika. Leo nimepiga simu kudai milioni moja na nusu ya mama, binti kabofyabofya kompyuta yake, halafu kwa sauti tamu kabisa: "Dada, mama amewahi. Kipindi cha kusubiri kilikuwa hakijaisha."

Amewahi! Kama vile alikuwa anagombania daladala!

Nimejiunga Januari. Walisema kifo cha ugonjwa ni kusubiri miezi sita. Mama kafariki Septemba. Nihesabieni nyie mliosoma. Kukata tarehe 5 hawajawahi kukosea, sijaamka ujumbe umeshaingia. Ila siku ya kulipa, mama amewahi!

Kiberiti: Pole kwa msiba. Ila elfu tatu tatu ulitaka wakuletee na tarumbeta?

Bi Makaratasi: Pole sana mdogo wangu. Toa taarifa ya miamala ya mkoba wako kuanzia Januari, usitegemee ujumbe mfupi. Kagua kila tarehe 5, mwezi kwa mwezi. Kuna uliorukwa?

Mwanzisha uzi: Nimeitoa. Januari hadi Machi wamekata. Aprili na Mei hakuna kitu. Juni hadi Septemba wamekata. Aprili mshahara uliingia tarehe 4, deni la ule mkopo wa kukamilishia muamala likajilipa lenyewe usiku, ikabaki 800. Mei hivyo hivyo. Mbona hawakunipigia? Juni mbona walikata kimya? Na bado mtu mzima na akili zake ananiambia mama AMEWAHI.

Bi Makaratasi: Basi tatizo liko hapo. Nyingi ya bima hizi hukuvumilia kama siku 30 malipo yakikosekana. Zikipita, bima inakatika. Juni walipokuta salio, inaonekana hawakuendeleza ile ya Januari, walikuanzishia mpya, na miezi sita ikaanza kuhesabiwa tarehe 5 Juni. Maana yake inaisha Desemba. Kwenye taarifa ya mkoba huwezi kuligundua hilo, kwa sababu mstari ni ule ule wa 3,000. Ingia kwenye menyu ya bima uangalie tarehe ya kuanza na namba ya bima, ulinganishe na ujumbe wa Januari. Zikitofautiana, usibishane nao kuhusu kulipa. Waulize walikutaarifu lini kwamba ya kwanza imekatika, na wewe ulikubali wapi kuanza upya. Uliza kwa maandishi, na uombe masharti yaliyokuwepo siku uliyojiunga. Wakikataa, wakupe barua ya kukataa. Hiyo ndiyo utaipeleka TIRA, wale wasimamizi wa kampuni za bima, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Mzee wa Pembeni: Mnamzungusha dada wa watu. Ukishakatwa hata mwezi mmoja, bima ipo. Kisichosubiriwa ni ajali tu, kwa hiyo aandike ajali yaishe.

Bi Makaratasi: La ajali uko sawa, nyingi hulipa tangu malipo ya kwanza. Lakini kibali cha mazishi kinaandikwa sababu ya kifo, mzee. Unataka azike mama kisha akalale mahabusu?

Mama Pacha: Na mimi nisaidieni. Bima yangu ina mwaka wa pili, Agosti nikamwongeza baba mkwe. Yeye si anaingia moja kwa moja?

Bi Makaratasi: Kwa kawaida hapana. Anayeongezwa anasubiri kivyake kuanzia siku aliyoongezwa. Soma masharti yako.

Mama Pacha: Mungu wangu, na presha yake ile!

Mwanzisha uzi: Nimeangalia. Imeandikwa 5 Juni, na namba ni nyingine kabisa. Hakuna ujumbe wowote niliopata. Kesho naenda ofisini kwao, na yule binti arudie mbele yangu kwamba mama amewahi.

Kiberiti: Ndiyo maana mimi nipo chama cha kufa na kuzikana mtaani. Hakuna menyu, hakuna kusubiri.

Mtu wa Tandale: Chama? Chetu mweka hazina kahamia Kahama na daftari.

Kiberiti: Mlimchagua wenyewe.

Mtu wa Tandale: Tulimchagua sisi? Alipitishwa na mjumbe ambaye ni shemeji yake! Na turubai la chama analikodisha kwenye harusi mpaka leo.

Mama Pacha: Turubai la kwetu lina matundu, na viti vinaletwa pungufu. Ngojeni niwaeleze ya msiba wa jirani.